Jimu: ada ya kudumu pamoja na malipo ya kila kuingia, au kifurushi cha jimu na zumba?

JimuMakulu: Wakuu, nina jimu Dodoma. Natoza 3,000 kila mtu anapoingia, na kila anayeingia hunigharimu kama 1,000 ya maji, taulo na umeme. Jioni kuna zumba ukumbi wa pili. Nimebaki na njia mbili: niweke ada ya wiki halafu kuingia kuwe bei nafuu, au niuze jimu na zumba kwa pamoja. Ipi inaleta faida zaidi?

Kipimo: Ada, bila kusita. Chukua mteja mmoja anayependa mazoezi. Siku ya kwanza ya wiki yuko radhi kulipa 5,000, ya pili 4,000, halafu 3,000, 2,000 na 1,000. Kwa 3,000 anakuja mara tatu, unapata faida ya 6,000. Sasa mtoze gharama yako tu, 1,000: anakuja mara tano. Siku hizo kwake zina thamani ya 15,000 na mlangoni analipa 5,000, kwa hiyo anabakiwa na ziada ya 10,000. Hiyo ndiyo ada yako. Umetoka 6,000 hadi 10,000.

BiZuhura: Mimi nililipa ada ya mwaka mahali fulani nikaenda wiki tatu tu. Ada ni wizi, mpeni mteja punguzo akileta rafiki.

JimuMakulu: Bi Zuhura, pole. Punguzo tutaliongelea siku nyingine, hapa natafuta muundo wa bei. Kipimo, wengi wangu si wa siku tano. Wanakuja mara moja, wakijitahidi sana mara mbili.

MwlTarimo: Hapo ndipo hesabu ya Kipimo inapokwama. Ni sahihi kama wateja wote wanafanana. Tuseme una wapenzi wa mazoezi 10 kama huyo wake, na wa kawaida 30 ambao siku zao zina thamani ya 3,000, 2,000 na 1,000. Kwa mlango wa 1,000, ziada ya mtu wa kawaida ni 3,000 tu. Ukidai ada ya 10,000 wale 30 wote wanaondoka, unabaki na 100,000. Ukishusha ada hadi 3,000 wanabaki wote 40, unapata 120,000. Na hiyo 120,000 ndiyo unayopata leo kwa bei yako ya 3,000 bila ada yoyote! Umehangaika bure.

Dawa ni kupandisha mlango kidogo juu ya gharama na kushusha ada. Mlango 2,000, ada 1,000 kwa wiki. Wa kawaida anakuja mara mbili: ada 1,000 na faida ya mlangoni 2,000, jumla 3,000. Mpenzi anakuja mara nne: 1,000 na 4,000, jumla 5,000. Kwa wote 40 ni 140,000. Mlango ndio unaomfanya anayekuja sana achangie zaidi, bila kumfukuza anayekuja mara chache.

Kipimo: Nimekuelewa, Mwalimu. Lakini Disneyland walitoza kiingilio na tiketi za michezo, na mwaka 1982 wakaacha tiketi hizo, kiingilio kikabeba yote. Mbona wao waliweza?

MwlTarimo: Mgeni akipanda mchezo mara moja zaidi, gharama inayoongezeka ni ndogo sana, na kukusanya tiketi kila mlango nako kuna gharama yake. JimuMakulu ana taulo za kufua.

NasraPwani: Na kifurushi je? Swali lilikuwa la njia mbili.

MwlTarimo: Kifurushi kinategemea nani anapenda nini. Chukua wateja wawili, kwa mwezi. Mmoja jimu kwake ni 40,000 na zumba 15,000. Mwingine jimu 20,000, zumba 30,000. Ukiuza kando kando, jimu haikupi zaidi ya 40,000, iwe kwa mmoja au kwa wote wawili, na zumba 30,000. Jumla 70,000. Kifurushi cha 50,000 wanachukua wote: 100,000. Sasa geuza: mmoja anapenda vyote, 40,000 na 30,000, mwingine vyote kwa nusu, 20,000 na 15,000. Kifurushi cha 70,000 kinachukuliwa na mmoja, cha 35,000 na wawili, na jumla ni 70,000 ileile. Hujaongeza kitu.

NasraPwani: Kwa hiyo aangalie kama wanaojaza zumba ndio haohao wanaonyanyua vyuma. Kwetu ni watu tofauti kabisa.

JimuMakulu: Kwangu wengi wa zumba hawagusi vyuma. Ila mwalimu wa zumba namlipa kwa kichwa.

MwlTarimo: Basi uwe mwangalifu. Anayethamini zumba 15,000 ukimlipia mwalimu 20,000 kwa ajili yake, umemvuta kwa hasara. Weka kifurushi, lakini uache pia jimu peke yake dirishani. Bei ya hiyo peke yake siwezi kukupangia bila kuona daftari lako.

BiZuhura: Na ada iwe ya wiki, si ya mwaka.

JimuMakulu: Ya wiki, mama. Naanza na 2,000 mlangoni na ada ya 1,000. Wale wa mara moja kwa wiki wakianza kupungua, nitajua ada ndiyo inayowakimbiza.