Hina ya Sabra: picha tatu, jibu leo

Khalati Rukia, 10:02
Asalaam aleikum. Nimerusha picha tatu za mikono. Fundi anataka jibu kabla ya adhuhuri. Kila mtu aseme 1, 2 au 3. Sitaki kusikia "zote nzuri".

Shangazi Mwajuma, 10:09
Waaleikum salaam. Zote nzuri mashaallah

Hafidh, 10:10
😂😂

Khalati Rukia, 10:11
Mimi naona 3. Mikono miwili sawasawa, kama imepigwa muhuri.

Asya, 10:26
Shikamoo Khalati. Hebu ikuze hiyo ya 3, tazama chini ya kidole cha pete. Mkono wa kulia kuna jani limevujia nje. Nenda na wa kushoto: jani lile lile, limevujia vile vile. Nani anakosea mahali pamoja mara mbili? Na kucha ya gumba imekatika pembe mikono yote. Ni mkono mmoja huo, picha imegeuzwa ikabandikwa ubavuni.

Hafidh, 10:27
Kumbe bi harusi wa mkono mmoja. Mahari nusu.

Khalati Rukia, 10:28
Hafidh tupishe. Basi 2?

Asya, 10:35
Ya 2 ni mikono miwili ya kweli, lakini tawi linaanzia kifundoni upande wa kushoto na kupanda kulia, mkono huu na huu. Sabra akiweka mikono pamoja, matawi yote yanalalia upande mmoja, hayakutani. Fundi kakariri ua moja, hajui kuligeuza. Halafu kila mstari unapoungana kuna kidoti. Vidoti vile si pambo, ni viraka.

Zainabu, 10:41
Kwa hiyo 1. Mstari wake mwembamba kama uzi, na wembamba ndio ufundi

Asya, 10:44
Si wembamba dada. Fuata ule mrefu wa kutoka kifundoni mpaka kidole cha kati. Unene wake ni ule ule mwanzo na mwisho, hauna goti katikati. Mkono haukutetemeka. Na ua la kushoto limezidi kidogo, ndipo najua ni kazi ya mtu.

Shangazi Mwajuma, 10:50
Mimi nilipakwa kwa kijiti, hakuna koni wala picha, na watu walikuja kuniangalia siku tatu.

Shangazi Mwajuma, 10:51
Ila kama fundi ni yule wa harusi ya Nunu, mimi siji.

Khalati Rukia, 10:52
Mwajuma usianze.

Shangazi Mwajuma, 10:53
Mkono wa kulia saa tatu usiku, wa kushoto saa saba, hina ishakauka kwenye koni, mwenyewe anasinzia. Kushoto kukatoka kama mwiba wa samaki. Nasema uongo?

Hafidh, 10:55
Changu tasi au?

Khalati Rukia, 10:56
Fundi ni mwingine. Tumalize. Namba 1. Nani anapinga?

Asya, 11:20
Sipingi, ila mwenye mkono wa 1 ana vidole virefu. Sabra vidole vyake vifupi kama vya Bibi. Zile pete tatu tatu za kuzunguka kila kidole zitavikata zaidi. Aombwe tawi moja jembamba lipande katikati ya kidole, pembeni pabaki ngozi tupu. Ua la mgongoni alipunguze, lisifike ukingoni.

Khalati Rukia, 11:22
Sawa. Namwandikia fundi. Wengine mmelala?

Bibi (simu ya Zainabu), 11:48
Zainabu hapa, Bibi anasema niandike kama alivyosema: "Nimeonyeshwa hiyo ya kwanza. Ile mistari myeusi ni piko. Piko sitaki kuiona mkononi mwa mjukuu wangu. Nilisema siku ile, hamkunisikiliza, mtoto akatoka malengelenge. Hina tupu. Na ipakwe mchana."

Zainabu, 12:31
Mbona kimya?

Asya, 12:34
Bibi kasema kweli. Ila hina tupu haikai kama uzi. Ikishika ngozini, ukingo wake unalainika kidogo, na mistari iliyobanana itaingiana. Namba 1 itabidi ichorwe nene kiasi, maua machache, nafasi ziachwe. Harusi Ijumaa, apakwe Jumatano. Akibandua itakuwa rangi ya chungwa, msishtuke, itakoza siku mbili.

Khalati Rukia, 12:36
Jumatano fundi ana bi harusi mwingine. Kanipa Alhamisi baada ya isha.

Shangazi Mwajuma, 12:36
Usiku tena.

Khalati Rukia, 12:38
Na arubuni nimeshatuma. Asya, wewe ungempaka?

Asya, 12:59
Mkono mmoja naweza 😅 nitazame ratiba

Sabra, 16:17
Nimetoka kazini sasa hivi. Mimi nilipenda ya 2

Khalati Rukia, 16:18
Sabra nipigie.