Leseni imegoma baada ya kubadilisha mazabodi

Rehema: Wapendwa, mazabodi ya kompyuta yangu iliungua, fundi akaweka nyingine, diski ni ileile. Mafaili yote yapo, ila programu ya hesabu inataka niiamilishe upya. Nikiweka namba ya leseni inasema mashine mbili zimeshajaa. Mimi nina hii na laptopu tu. Ya tatu imetoka wapi?

Baraka: Dada, leseni imo kwenye diski. Futa programu, uisakinishe tena, itajitambua.

Mzee Salim: Baraka, faili la leseni kweli limo kwenye diski, lakini halitoshi. Siku ya kuamilisha, programu ilisoma namba za vifaa, hasa mazabodi na kadi ya mtandao iliyomo humo, ikatengeneza alama ya mashine na kuisajili kwa muuzaji. Ukiongeza RAM, kwa kawaida haijali. Ukibadilisha mazabodi, umekuwa mgeni. Kwa hiyo Rehema, ya tatu ni kompyuta yako yenyewe, na ile ya zamani bado imekalia nafasi yake.

Kufuta programu mara nyingi hakurudishi nafasi. Ilitakiwa kuzima leseni ndani ya programu kabla fundi hajagusa kitu, lakini mashine iliyokufa utaizimaje? Ingia kwenye akaunti yako kwa muuzaji, fungua orodha ya vifaa. Utaona jina la kompyuta yako, maana jina hukaa kwenye diski. Huo ndio usajili wa zamani. Uondoe huo, laptopu uiache.

Zawadi: Shikamoo mzee. Mimi ni Windows, nayo imegoma baada ya mazabodi. Nimwandikie muuzaji huyohuyo?

Mzee Salim: Marahaba. Hapana, hilo ni jambo jingine. Andika hii kwenye dirisha la amri:

```
slmgr /dli
```

Ukiona OEM, leseni ilikuja na mashine na imefungwa kwenye mazabodi ile. RETAIL inahamishika.

Rehema: Mzee, akaunti inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya nchi niliyotoka. Laini hiyo ilishafungwa.

Mzee Salim: Basi waandikie, na uombe mambo mawili waziwazi: wabadilishe namba ya simu, na waachilie nafasi ya mashine iliyoharibika. Ukitaja moja tu, watashughulikia hiyo na kufunga tiketi. Weka namba ya oda, baruapepe uliyonunulia, jina la kompyuta, na risiti ya fundi inayotaja mazabodi. Namba ya leseni ipeleke kwenye fomu yao tu, usiibandike hapa.

Rehema: Wamejibu. Nafasi wataachilia, ila wanataka ankara ya ununuzi, na ankara imeandikwa jina la mwajiri wangu wa zamani aliyenilipia.

Baraka: Si umeitumia wewe miaka yote? Ni yako.

Mzee Salim: Muuzaji huangalia jina la mnunuzi, Baraka. Rehema, mwombe mwajiri barua ya kukuhamishia leseni, kisha soma masharti yao: wapo wasioruhusu kabisa.