Jamaa wa saa pale Mwanga kaniita bibi mbele ya kadamnasi, kisa waifai

Mama_Katubuka

Simtaji. Wa Kigoma mnamjua, yule wa Mwanga mwenye spika nje ya duka, muziki unapigwa mpaka jirani yake anauza panadoli kuliko yeye anavyouza simu.

Kaniita BIBI. Mimi. Mwanangu wa mwisho bado ananyonya.

Nilinunua kwake saa janja, pesa ya watu wazima, na kabla sijatoa hata shilingi nilimuuliza: simu yangu janja iko kwa fundi, natembea na kitochi, hii saa itafanya kazi? Akajibu kwa kujiamini kama mhubiri: "Ina waifai yake, inajitegemea." Nyumbani nina ruta, waifai ipo. Nikafika, nikaichaji, nikaiwasha. Ikaniuliza lugha, kisha ikachora picha ya simu na msimbo wa QR, ikaganda hapo. Hakuna sehemu ya waifai, hakuna pa kuandika neno la siri, hata saa ngapi haisemi! Saa isiyosema saa ngapi!

Nikairudisha. Duka limejaa, kuna mpaka watu walioshuka Kibirizi na ndoo zao za dagaa. Akaitazama sekunde moja, akanirudishia, akasema kwa sauti ya kushinda spika yake: "Bibi, nenda nyumbani, mjukuu atakusaidia." Watu wakacheka. Nadhani hata dagaa walicheka.

Mjukuu! Mjukuu yupi? Ninunue na mjukuu?

Kijana_Ujiji

Bibi shikamoo 😂😂😂

Mama_Katubuka

Kijana, nitakuja Ujiji nikutafute nyumba kwa nyumba.

MzeeWaGungu

Dada umepigwa. Hizo saa hazina waifai kabisa, zote ni blututhi tu, waifai wanaandika kwenye boksi kukuvutia. Mimi ninayo, naijua.

Fundi_Kimya

Mzee wangu, shikamoo. Yako inawezekana ni ule mkanda mwembamba wa kuhesabia hatua, na hapo upo sahihi: mingi ya ile haina waifai kabisa, ina blututhi peke yake, kila kitu inapitishia kwenye simu. Ukitaka kujua, ingia kwenye mipangilio ya saa. Kama hakuna neno Wi-Fi popote, usipoteze muda kulitafuta. Lakini si zote ziko hivyo. Mama, hebu soma boksi lako, pameandikwaje kwenye sehemu ya mtandao?

Mama_Katubuka

Bluetooth 5.0, halafu Wi-Fi 802.11 b/g/n. Nimeandika kama ilivyo. Na huyo jamaa angeweza kunisomea hivyo hivyo badala ya kunitafutia wajukuu.

Fundi_Kimya

Basi waifai ipo kweli. Alikuambia nusu. Nusu aliyoificha ni kwamba saa nyingi za aina hiyo haziwezi kuanza maisha bila simu.

Ukiiwasha mara ya kwanza, saa haina akaunti, haina muda sahihi, haijui mwenye nayo ni nani. Hayo yote inapewa na simu kwa blututhi, kupitia programu yake inayopakuliwa kwenye simu. Ule msimbo wa QR ndio unaokupeleka kwenye hiyo programu. Mpaka kazi hiyo iishe, menyu yenyewe ya waifai haifunguki, ndiyo maana hukuona pa kuandika neno la siri. Ruta yako haina kosa hapo, saa haijafika hata kwenye hatua ya kuitafuta.

Ikishaunganishwa na simu, ndipo unaingia kwenye mipangilio, unachagua jina la waifai, neno la siri unaliandika kwenye simu au kwenye kioo cha saa kwa kidole. Baada ya hapo inalikumbuka jina hilo.

Kijana_Ujiji

Sasa fundi, mbona saa ya mtoto wa dada yangu iliingia waifai moja kwa moja bila simu yoyote? Niliandika neno la siri mwenyewe pale pale.

Fundi_Kimya

Ile inaingia laini?

Kijana_Ujiji

Ndiyo, ina sehemu ya laini.

Fundi_Kimya

Hizo baadhi yake ni simu ndogo ya Androidi iliyofungwa mkanda, ina duka lake la programu na kibodi yake. Inajitegemea kweli. Ya mama haina laini, imetengenezwa itembee na simu.

Mama_Katubuka

Kwa hiyo aliponiambia "inajitegemea" alikuwa anaongelea saa ya mtoto wa dada yake Kijana? Na hapo hapo mimi ndiye bibi?

NjeYaMji

Mbona rahisi. Azima simu ya jirani dakika kumi, iunganishe, iingize waifai, mrudishie simu yake. Imeisha.

Fundi_Kimya

Hapana! Hapa ndipo watu wengi wanaumia. Saa ikiunganishwa na simu ya jirani inakuwa ya jirani. Inashika akaunti yake, na kila anapokuwa karibu na blututhi yake imewashwa, meseji zake zinakuja mkononi kwako. Mume wake akimwandikia "nunua chumvi", wewe ndiye unatetemeshwa mkono.

Halafu simu yako ikitoka kwa fundi unataka kuihamishia kwako. Saa nyingi hapo zinataka zifutwe zirudi kama zilivyotoka dukani, na zikifutwa jina la waifai na neno la siri vinafutika pia. Kwa hiyo ile kazi ya dakika kumi inakuwa haijakufaa kitu. Matoleo mapya zaidi kuna yanayokubali kuhama bila kufutwa, ila yanataka akaunti ile ile, na akaunti ni ya jirani. Kama ni saa ya kampuni ya aifoni ni mbaya zaidi, inaweza kufungwa kwa akaunti ya aliyeianzisha, bila neno lake la siri hata ukiifuta haikubali.

MamaWawili

Jamani hii imenitokea!! Niliunganisha kwa simu ya shemeji. Niko kanisani, kimya, saa ikatetemeka, nikaangalia: "Mpenzi umefika?" Na haikuwa imetoka kwa dada yangu. Siku hiyo sikusikia mahubiri.

Kijana_Ujiji

WEKA UZI WAKE HUO TAFADHALI

MzeeWaGungu

Mama wawili ulimwambia dada yako au hukumwambia?

Mama_Katubuka

Turudi kwangu kwanza. Fundi, tuseme simu yangu imetoka. Nikishaunganisha, naweza kuiacha simu nyumbani saa ikabaki na waifai?

Fundi_Kimya

Ukiwa ndani ya mawimbi ya waifai inayoijua, ndiyo. Ila usishangae ukiwa umekaa na simu mfukoni ukaona waifai ya saa imezimika. Haijaharibika. Betri ya saa kama hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na ya simu, na waifai inakula chaji kuliko blututhi. Kwa hiyo ikimwona mwenzake simu yupo karibu, inapumzisha waifai inapitia kwake. Ukitaka kuijaribu, zima blututhi ya simu, subiri kidogo, uone kama inashika ruta yenyewe.

Jambo jingine, hiyo b/g/n uliyonisomea ni ya mawimbi ya 2.4 GHz. Ruta yako ikiwa inarusha majina mawili na moja lina 5G mwishoni, hilo la 5G saa haitaliona kabisa kwenye orodha. Chukua lile jingine.

NjeYaMji

Si 5G ndiyo yenye kasi? Mimi bando langu la 5G.

Fundi_Kimya

5G ya bando na 5G ya kwenye jina la ruta ni vitu viwili tofauti kaka. Ile ya ruta ni 5 GHz.

NjeYaMji

Basi arushe hotspoti ya simu, aachane na ruta.

Fundi_Kimya

Inawezekana, ila angalia nayo inarusha mawimbi gani. Kwenye Androidi nyingi unachagua 2.4 GHz kwenye mipangilio ya hotspoti. Aifoni kuanzia 12 unawasha Maximize Compatibility, usipoiwasha saa itatafuta mpaka ichoke.

Lakini mama nikuulize, hiyo waifai unaitakia nini hasa?

Mama_Katubuka

Kuhesabu hatua. Daktari kaniambia nitembee.

Fundi_Kimya

Hatua zinahesabiwa na kifaa kilicho ndani ya saa, hazihitaji intaneti hata chembe. Waifai inasaidia kwenye apdeti, kushusha miziki na vitu kama hivyo. Kinachokuzuia wewe ni ile picha ya simu ya mwanzo tu. Ikishapita, hata ruta ikizimika hatua zitahesabiwa.

Mama_Katubuka

Maneno hayo hayo, kwa upole huo huo, yangeweza kusemwa pale dukani. Yeye aliona bora "mjukuu". Fundi, duka lako liko wapi?

Mnyamwezi_Halisi

Salamu toka Tabora. Mnasema ya saa kukataa simu, mimi yangu inakataa waifai ya gesti. Simu inashika, ina ule ukurasa wa kuingiza namba ya chumba, saa inashika jina halafu haifungui kitu. Mhudumu ananiambia saa yangu ni feki. Waifai ya kwenye gesti hii ni wizi mtupu, na maji ya moto pia hakuna.

Fundi_Kimya

Si feki. Ule ukurasa unahitaji kivinjari na saa haina. Kwenye waifai za namna hiyo iache ipitie kwenye simu kwa blututhi.

Mnyamwezi_Halisi

Na maji ya moto?

Fundi_Kimya

Hayo sijui kaka.

DagaaMbichi

Mnalia na saa, mimi kuna mtu hapa Kibirizi kaniuzia ndoo ya dagaa, juu wakavu wazuri, chini mchanga wa ziwa. Mnamjua, ana kofia nyekundu.

MzeeWaGungu

HUYO! Mimi aliniuzia migebuka, nafika nyumbani inanuka. Nikarudi akaniambia pua yangu ndiyo mbovu.

MamaWawili

Kofia nyekundu ana kaka yake fundi cherehani. Kitenge changu cha harusi alinishonea mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, akasema ndiyo fasheni.

Mama_Katubuka

Samahani, uzi huu ni wa saa.

DagaaMbichi

Mama subiri kidogo. Mzee, migebuka ulinunua lini, kabla ya Pasaka au baada? Maana nadhani ni mzigo ule ule.

MzeeWaGungu

Baada. Na mizani yake haiko sawa, mimi nimepima mwenyewe nyumbani.

Kijana_Ujiji

Shemeji mwenye meseji naye anaishi Kibirizi au?

MamaWawili

Sijibu hilo hapa.