Naomba ushauri: albamu nimeihifadhi, mbona nyimbo zake hazipo kwenye Liked Songs?

Sauti_ya_Jioni (mwanzisha uzi)
Habari zenu wakuu. Natumia Spotify ya kulipia kwenye simu. Kuna albamu moja ya nyimbo 14 imenikaa sana moyoni, nikabonyeza ile alama ya kujumlisha chini ya jina la albamu, ikageuka tiki ya kijani. Liked Songs nimeiwashia kishale cha kupakua, kwa hiyo nilitegemea nyimbo zote 14 zishuke kwenye simu.

Bando lilipokata nikafungua Liked Songs, nikakuta nyimbo mbili tu za albamu ile, zile nilizowahi kuzibonyeza moja moja. Kinachonichanganya zaidi ni wimbo namba 5. Una tiki ya kijani kama hizo mbili, lakini kwenye Liked Songs haupo. Huo niliuweka kwenye pleilisti yangu ya mazoezi. Sasa hiyo tiki maana yake nini? Na zile 11 zilizobaki ziko wapi?

Kishindo
Mkuu, ukihifadhi albamu nyimbo zake zote zinaingia zenyewe kwenye zile ulizozipenda. Mimi nimeitumia miaka mingi, ndivyo inavyofanya. Hapo programu imekwama tu. Ifute, uipakie upya, zitatokea.

Fundi_wa_Masikio
Sauti, tafadhali usiifute. Ukiifuta, kila ulichopakua kwenye simu kinaondoka nayo na utaanza kukishusha upya kwa bando lako. Programu yako ni nzima.

Anachosema Kishindo kilikuwa kweli zamani. Ukihifadhi albamu, nyimbo zake zilimwagika zote kwenye orodha ya nyimbo. Mambo yakabadilika mwaka 2019, albamu ikawa na sehemu yake na nyimbo ulizozipenda zikawa na yao. Tangu hapo kuhifadhi albamu hakugusi Liked Songs hata kidogo.

Tuichukue albamu yako hiyo hiyo. Fungua Your Library, juu kuna vichujio, gusa Albums. Utaikuta pale ikiwa nzima, nyimbo zote 14 kwa mpangilio wake. Ulichohifadhi ni albamu kama kitu kimoja, na hapo ndipo inapokaa. Ukiifungua utaona nyimbo zake nyingi bado zina alama ya kujumlisha bila tiki, kwa sababu hujazichagua moja moja.

Zile mbili ulizozibonyeza zimeingia Liked Songs, na kwa kawaida inayopendwa mwisho inakaa juu. Namba 5 iko kwenye pleilisti yako ya mazoezi na si kwingine.

Ila hiyo tiki inawapotosha watu wengi, na sioni ajabu. Kulikuwa na alama ya moyo, na moyo ulikuwa na maana moja tu, kwamba wimbo umeupenda. Mwaka 2023 moyo ukaondolewa, ikaja alama ya kujumlisha inayogeuka tiki. Tiki hiyo mbele ya wimbo inasema tu kwamba wimbo upo mahali fulani kwako, ama Liked Songs, ama kwenye pleilisti yako mojawapo. Haikwambii ni wapi mpaka uiguse. Gusa tiki ya namba 5, orodha ya pleilisti zako itafunguka, na utaona Liked Songs haijawekewa alama ila ya mazoezi imewekewa. Weka alama kwenye Liked Songs, bonyeza Done, na wimbo utakaa kote kuwili.

Bi_Utulivu
Jamani mbona mimi nikiweka albamu nyimbo zote zinaonekana kwenye orodha ya nyimbo? Na hata nikiongeza wimbo mmoja tu kwenye pleilisti, unajitokeza huko pia, mpaka maktaba yangu imejaa vitu nisivyovitaka. Kwangu ni Apple Music. Nifanyeje?

Fundi_wa_Masikio
Bi Utulivu, huko ni nyumba nyingine na ina utaratibu wake. Apple Music ukiongeza albamu kwenye maktaba, nyimbo zake zinaonekana chini ya Songs, na ndivyo ilivyokusudiwa. Hilo la pleilisti linazimika. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya Music, utakuta swichi ya Add Playlist Songs. Ukiizima, wimbo utakaoongeza kwenye pleilisti utabaki kwenye pleilisti tu. Zilizokwisha kuingia maktaba itabidi uzitoe mwenyewe.

Sauti_ya_Jioni
Ahsante sana Fundi. Nimegusa tiki ya namba 5, ni kweli, alama iko kwenye mazoezi pekee. Sasa nikitaka zote 14 ziingie Liked Songs, lazima nibonyeze moja moja?

Fundi_wa_Masikio
Kwa kompyuta ni rahisi. Fungua albamu kwenye programu ya Spotify, bofya wimbo mmoja, kisha Ctrl+A (Mac ni Cmd+A) zichaguliwe zote, bofya kulia, chagua Save to your Liked Songs.

Lakini jiulize kwanza unataka nini. Kama shida ni kusikiliza bila bando, ingia kwenye albamu yenyewe ubonyeze kishale chake cha kupakua. Kile ulichowasha Liked Songs kinapakua yaliyomo Liked Songs tu, pamoja na utakayoongeza baadaye. Hakiendi kwenye albamu wala pleilisti. Kila sehemu ina kishale chake. Na hata ukishapakua, angalau mara moja kila siku 30 uwe mtandaoni, la sivyo vilivyopakuliwa vinaondolewa.

Mimi binafsi nisingemwaga albamu nzima Liked Songs. Ukija kuichanganya, utaletewa kipande cha utangulizi cha nusu dakika katikati ya nyimbo unazozipenda kweli.

Kishindo
Nimekubali, Fundi. Kumbe ndiyo maana nyimbo za albamu zangu za zamani zipo na za karibuni hazipo. Swali langu: nikiitoa albamu kwenye maktaba, zile nyimbo za zamani zitaondoka Liked Songs?

Fundi_wa_Masikio
Hazitaondoka. Kutoa albamu hakugusi Liked Songs, na kufuta pleilisti hakuzigusi pia. Pleilisti uliyoifuta unaweza hata kuirudisha ndani ya siku 90, ukiingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari sehemu ya Recover playlists. Wimbo uliouondoa Liked Songs hauna njia hiyo ya kurudi, kwa hiyo hapo ndipo pa kuwa mwangalifu unapobonyeza.

Mdundo_Mwema
Naongezea langu. Wimbo ulitoka wenyewe kwanza, nikaupenda, ukaingia Liked Songs. Baada ya muda albamu ikatoka na wimbo huo huo ndani, lakini ndani ya albamu hauna tiki! Nikaubonyeza, sasa ninao mara mbili.

Fundi_wa_Masikio
Hizo kwa programu ni rekodi mbili tofauti, hata kama sauti ni ile ile. Toa ile ya mwanzo ubaki na ya albamu. Lakini kabla hujaitoa, angalia kama iko kwenye pleilisti zako, maana huko nako itabaki ile ya mwanzo mpaka uibadilishe kwa mkono.

Mdundo_Mwema
Ipo kwenye pleilisti kadhaa, na nyingine ninashirikiana na watu. Hakuna njia ya kuzibadilisha zote kwa pamoja?

Sauti_ya_Jioni
Hata mimi nangoja jibu la hilo. Albamu inashuka sasa hivi, wimbo wa 9 umeshafika.