PS5 moja, wachezaji watatu: akaunti moja, kila mtu yake, au CD?

KakaWaIlazo
Wakuu, habari za Dodoma. Nyumbani tuna PS5 moja ya kuweka CD. Tunacheza watatu: mimi, mdogo wangu anayesoma UDOM, na mtoto wa dada, dogo wa miaka 11. Wote tunatumia akaunti yangu, na ni vurugu tupu. Juzi dogo kaendeleza Career yangu, kamuuza mshambuliaji niliyemlea tangu Januari, kasevu, kazima. Sasa tumekubaliana tuchange hela za gemu. Tubaki akaunti moja, kila mtu afungue yake, au tununue CD tu? Nataka njia ya bei nafuu isiyoleta ugomvi.

Chamwino_Boy
Akaunti moja, mkuu. Mkifungua tatu mtanunua kila gemu mara tatu. Dogo mpe sheria, basi.

FunditPedi
Hapana Chamwino_Boy, hapo umechanganya. Gemu iliyonunuliwa mtandaoni kwa akaunti moja inachezwa na watumiaji wote wa mashine hiyo, kila mmoja akiwa na akaunti yake na sevu zake. Sharti ni mnunuzi awe amewasha kitu kimoja kwenye mashine hiyo:

```
Settings > Users and Accounts > Other
> Console Sharing and Offline Play
```

PS Plus nayo inafuata njia hiyohiyo: akilipia mmoja, wengine wanacheza mtandaoni kwenye mashine hiyo. Kisichogawanyika ni pointi na sarafu za ndani ya gemu. Hizo hubaki kwa aliyenunua, kwa hiyo msizichangie kamwe.

KakaWaIlazo, wewe baki na akaunti ya sasa, maana sevu za PS5 huwezi kuzihamishia akaunti nyingine. Wenzako ndio waanze upya. Dogo mfungulie akaunti ya mtoto chini yako, kikomo cha matumizi weka sifuri.

MamaWawili_Kisasa
Mimi nilinunua akaunti iliyojaa gemu kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, bei ya kutupa. Wanangu walifurahi miezi miwili. Asubuhi moja kila gemu ina alama ya kufuli, na nenosiri halikubali. Muuzaji hapokei simu. Kuna namna ya kuzirudisha?

FunditPedi
Pole dada. Ile akaunti haikuwa yako, mwenyewe kaichukua. Kufuli maana yake mashine haioni leseni. Kwa akaunti halali huwa tunaanza na `Restore Licenses`, ipo hapohapo kwenye `Other`. Kwa hiyo ya kwako haitasaidia.

Kaka_wa_CD_Sabasaba
Mnasahau CD. Sisi watatu tulinunua EA FC iliyotumika kwa 120,000, tukacheza miezi minne, tukaiuza 75,000. Tumeteketeza 45,000, kila mtu 15,000. Gemu ya mtandaoni huwezi kuiuza hata kwa mia. Ila EA FC uza kabla ya Septemba, mpya ikitoka ya zamani hakuna anayeitaka. Na CD lazima iwe ndani ya mashine kila unapocheza, hata kama gemu imeshapakiwa. Ikichanika, imekula kwenu.

KakaWaIlazo
Nimeelewa. Swali: mimi na mdogo wangu, kila mmoja anaweza kununua kwa akaunti yake halafu wote tukacheza?

FunditPedi
Ndiyo, akaunti zaidi ya moja zinaweza kuwasha kugawana kwenye mashine ileile. Ila kila akaunti inawasha kwenye PS5 moja tu. Mdogo wako akimaliza chuo, akanunua PS5 yake na kuwasha kule, kwenu inazimika yenyewe. Gemu zake zitaonyesha kufuli kwako na kwa dogo, hata zile ulizochangia nusu.

Kingine: Tanzania haipo kwenye orodha ya nchi wakati wa kufungua akaunti, na nchi ukishachagua haibadiliki. Wote chagueni ileile uliyochagua wewe. Kadi ya kuongeza salio ya nchi nyingine haitakubali, na nyongeza za gemu za nchi nyingine zinaweza kugoma.

Binti_wa_Nkuhungu
Kwetu tuliamua hivi: cha kuchanga kinanunuliwa kwa akaunti ya anayebaki na mashine, na anayeondoka analipwa nusu ya alichotoa. EA FC ni CD kila mwaka. Gemu za hadithi, zinazodumu, tunasubiri punguzo mtandaoni.

Chamwino_Boy
Nusu ya bei ya lini? Gemu ya miaka mitatu nusu yake ni nini?

Kaka_wa_CD_Sabasaba
Ndiyo maana nasema CD. Bei yake anaitaja mnunuzi.

KakaWaIlazo
Leo nimemfungulia dogo akaunti yake na kuwasha kugawana. Gemu zote kaziona bila kufuli. EA FC tutachukua CD. Hilo la nusu nimemwambia mdogo wangu, naye anataka yote aliyotoa. Tunaendelea kubishana.