Friji yangu haina bodi, na fundi wao ameandika "BODI IMEUNGUA, STIMA ILIPANDA"

MamaBarafu_Umoja

Natetemeka tangu saa tano asubuhi, nikikosea herufi mnivumilie. Ni ile kampuni. Ndiyo, hiyo hiyo ya tangazo la familia inayoichekea friji kana kwamba imekuja kuposa binti yao. Sitaitaja. Kila mtu hapa ana friji yao, au ana jirani anayelia kwa sababu yao.

Friji ina miezi minane. Maziwa yalianza kugeuka mtindi bila kuombwa, nyama ikafuata, na sasa humo ndani ni Mombasa mwezi wa pili. Nimepiga simu siku tisa. Wimbo wao wa kumsubirisha mtu, mtoto wangu ameshaupatia dansi.

Leo fundi akaja. Shati limepigwa pasi, begi kubwa la vifaa. Begi halikufunguliwa. Akafungua mlango wa friji, akaingiza mkono kama anayempima mtoto homa, akafunga. "Mama, hii ni stima." Akanywa chai yangu, akala mandazi mawili, na mgongo wa friji hajauona mpaka sasa hivi ninavyoandika. Karatasi aliyoacha: BODI IMEUNGUA, STIMA ILIPANDA, WARANTI HAIHUSIKI.

Wasee, friji yangu HAINA BODI. Ina kile kitufe cha kuzungusha, 1 mpaka 7. Ina balbu. Ina kompresa. Basi! Bodi gani imeungua? Ya shule?

Ochi_wa_Pipeline

Bodi ya wakurugenzi 😂😂

Shosho_Mtandaoni

Pole mwanangu. Lakini kumpa mtu chai kabla hajafanya kazi, hapo ulikosea mwenyewe.

Kevo_Stima

Dada, jaza fomu ya fidia kwa kampuni ya umeme. Stima ikipanda ikaunguza vitu ni wao wanalipa. Mimi nilijaza ya redio.

MamaBarafu_Umoja

Kevo, soma tena polepole. Stima HAIKUPANDA. Hao ndio wanasema ilipanda. Nikijaza hiyo fomu si nitakuwa nimewatilia sahihi? Nina frijigadi pale ukutani, na yule kijana aliweka kikombe cha chai juu yake! Kikombe changu, juu ya frijigadi yangu, huku akiandika stima ilipanda!

Ochi_wa_Pipeline

Ulikipa muda wa dakika tatu kabla ya kuwaka?

Wambo_Roysambu

Hao wana karatasi zimeshachapishwa, wanajaza jina lako tu. Mimi waliniambia stima, ilhali friji ilikuwa bado kwenye boksi. Haijawahi kuona soketi!!

Njoroge_Majibu

Kulia hapa hakusaidii. Umewajibu nini kwa maandishi?

MamaBarafu_Umoja

Niliwapigia nikawaambia haina bodi. Saa nane wakatuma ujumbe mwingine: "Samahani, tulimaanisha kompresa." WALIMAANISHA KOMPRESA. Mtu hajafungua begi, sasa anachagua ugonjwa kama anayeagiza chakula hotelini. Jioni nikamwita jirani wa ghorofa ya tatu, ni fundi wa umeme, tukaandika hii. Nimeibandika kama ilivyo. Niliiandika nikiwa nimetulia, msishangae:

*Kwa kitengo cha waranti. Asubuhi mlisema bodi imeungua, mchana mkasema ni kompresa. Haya ndiyo tuliyoyaona leo jioni. Hatukufungua skrubu yoyote na stika zenu zote ziko zima.*

*Kompresa inafanya kazi. Inanguruma mfululizo bila kupumzika. Ingekuwa imeungua ingenyamaza, au ingejaribu kuwaka ikakatwa "ta!" kila baada ya muda mfupi, au ingeangusha swichi ya nyumba. Kibao cha nyuma kimeandikwa ampia 0.9, na mita yetu ilisoma 0.4. Mota yenye waya zilizoungua na kugusana huvuta stima kupita kiasi. Hii inavuta chini ya nusu, kama pampu inayozunguka kisimani maji yameisha.*

*Ndani ya friza kuna barafu ya ukubwa wa kiganja, pale bomba linapoingia tu. Kwingine kote ni pakavu. Na huko nyuma, kwenye kiungo cha bomba kando ya kile kichujio cha shaba, kuna vumbi lililolowa mafuta. Tulipaka povu la sabuni friji ikiwa inanguruma, na mapovu madogo yakawa yanachipuka mahali pale pale, tukipangusa yanarudi. Video ya dakika mbili nimeambatisha. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo pale gesi inapotoka hubaki doa.*

*Gesi inavuja kwenye kiungo kilichochomelewa kiwandani. Stima haitoboi bomba. Kama bado mnashikilia kwamba ilipanda, niandikieni ni tarehe gani, ilifika volti ngapi, nani aliipima na kwa kifaa gani, na kompresa ilisoma nini mlipoipima. Kama hamkupima, leteni mtu atakayefungua begi.*

Ochi_wa_Pipeline

"Atakayefungua begi" 🔥 Hiyo ipigwe chapa kwenye fulana.

FundiMzee_Luthuli

Nimetengeneza friji tangu enzi za gesi ya zamani. Mama, barua yako ni nzuri, ila niulize kitu kimoja. Mliibana vipi ile mita? Mkibana waya mzima wa friji utasoma sufuri, kwa sababu stima inayokwenda na inayorudi zinafutana. Wakijua hukufanya sawa watakutupia barua yote.

MamaBarafu_Umoja

Jirani alikuwa na kiekstensheni kifupi amekichana ganda la nje, nyaya zimeachana. Akabana mmoja tu. Inaonekana kwenye video.

FundiMzee_Luthuli

Huyo jirani mpe yale mandazi yaliyobaki. Basi wadai kipimo cha pini tatu za kompresa. Hicho hawawezi kukikwepa. Unapima pini mbili mbili, unapata namba tatu, na zile mbili ndogo ukizijumlisha lazima zikupe ile kubwa. Kisha unapima kila pini na mwili wa kompresa, hapo mita isisome kitu. Zikikubali hivyo, waya za ndani ni nzima na hadithi ya kuungua imekufa. Ni kazi ya dakika tano, lakini waifanye wao, wewe usiguse kile kifuniko.

Na usiegemee sana frijigadi. Inakata stima ikipanda au kushuka na kukaa hapo, lakini ule mshtuko wa radi hupita kabla haijashtuka. Watakwambia hivyo na watakuwa sawa. Mtaani kinachoua kompresa zaidi ni stima kupotea na kurudi papo hapo. Presha bado iko juu kwenye mabomba, kompresa inasukuma inashindwa, inachemka. Ndiyo maana gadi inasubiri zile dakika. Lakini hiyo inaua mota. Haitoi gesi kwenye kiungo.

Kevo_Stima

Mimi yangu nilipaka sabuni nyuma kote, hakuna povu hata moja. Kwa hiyo si gesi, ni stima. Sabuni haidanganyi.

FundiMzee_Luthuli

Inadanganya, kaka. Ulipaka ikiwa imewashwa?

Kevo_Stima

Ndiyo.

FundiMzee_Luthuli

Kama kibao chako kimeandikwa R600a, upande unaorudisha gesi kwenye kompresa huvuta wakati inafanya kazi. Palipotoboka panaingiza hewa, povu utalitoa wapi? Upande huo unapimwa friji ikiwa imezimwa na kutulia. Mama amebahatika, kwake pametoboka upande wa kusukuma, ndiyo maana pameonekana.

Kevo_Stima

Bado naamini ni stima.

MamaBarafu_Umoja

Kuna stika mlangoni, "KOMPRESA MIAKA 10". Si niwashike na hiyo?

FundiMzee_Luthuli

Hapana! Hiyo kwa kawaida ni kompresa peke yake, kile chuma cheusi. Gesi na mabomba hayamo. Wewe shika waranti ya mwaka mmoja ya friji nzima, umebakiwa na miezi minne. Ukianza kudai kompresa utakuwa umewaunga mkono kwamba ndiyo iliyoharibika.

Njoroge_Majibu

Wakikataa, nenda mahakama ya madai madogo. Inapokea madai mpaka shilingi milioni 1 na huhitaji wakili. Sheria ya kulinda watumiaji ni ya 2012. Wao ndio wanaosema stima ilipanda, basi walete ushahidi.

Wambo_Roysambu

Si rahisi hivyo. Soma nyuma ya kile kijitabu: "haihusiki na kubadilika kwa umeme" na "matumizi ya nyumbani tu". Huyu jina lake ni MamaBarafu 👀

Ochi_wa_Pipeline

UMEJIMALIZA. Barafu za shilingi kumi zimekupeleka kortini.

MamaBarafu_Umoja

Ni za watoto wa ploti! Likizo tu! Na barafu haitoboi bomba!

Shosho_Mtandaoni

Hata mimi kwangu mwenye nyumba amekata maji tangu Jumanne na hakuna anayeniandikia barua.

Wambo_Roysambu

Shosho, wa kwangu amepaka ngazi rangi kisha akaongeza kodi.

Ochi_wa_Pipeline

Wa kwangu amebandika tangazo tusifue usiku. Mchana hakuna maji. Tufue lini, alfajiri ya Pasaka?

MamaBarafu_Umoja

Jamani, uzi ni wa friji. FundiMzee, friza bado ina kale kabarafu. Niiache inanguruma mpaka waje, au nizime?

FundiMzee_Luthuli

Zima sasa hivi. Kompresa hupozwa na gesi inayorudi. Ikizunguka bila gesi wiki nzima itaungua kweli, na hapo karatasi yao itakuwa imesema ukweli. Kisha fungua dirisha, na jiko usiliweke karibu, kama kibao chako nacho kimeandikwa R600a, hiyo gesi hushika moto.

MamaBarafu_Umoja

Nimezima. Wamejibu: "Suala lako linashughulikiwa." Nimewauliza atakuja nani. Kimya.

Kevo_Stima

Watamtuma yule yule.

Shosho_Mtandaoni

Akija, maji ya moto tu. Na yule wa kufua usiku aniambie, kwenu ni mtaa gani? Kwetu hayatoki hata usiku.