Mjadala: Kubadilisha neno moja kwenye picha ya menyu ya chaki, ni kurekebisha au ni kughushi mwandiko?

Mwenye Picha: Nina picha ya ubao wa menyu ulioandikwa kwa mkono, herufi kubwa tupu. Mstari wa juu ni SUPU YA NYANYA, chini yake MKATE, kisha MAZIWA MOTO. Ule wa juu sasa lazima usomeke SUPU YA UYOGA. Ubao wenyewe umeshafutwa, siwezi kupiga picha upya. Nimejaribu fonti ya chaki, neno linaonekana limebandikwa. Nifanyeje? Na je, ni halali kumwandikia mtu neno ambalo mkono wake haukuliandika?

Kijana wa Fonti: Shida yako ni rangi tu, mkuu. Umeweka weupe mtupu, #FFFFFF, na hakuna chaki duniani yenye weupe huo. Gusa herufi ya zamani kwa kidotoa rangi, utaona imeelekea kijivu au manjano kidogo kufuata taa ya chumbani. Ipe fonti rangi hiyo, punguza `Opacity` kidogo, weka `Multiply`, umemaliza.

Fundi wa Picha: Kuhusu rangi umesema kweli, ndugu yangu, ila `Multiply` itamtesa. Hiyo hutia giza, kwa hiyo chaki nyeupe juu ya ubao mweusi itatoweka kabisa. Anachohitaji ni `Screen` au `Lighten`. Na hata rangi ikikaa sawa, fonti itamuumbua, kwa sababu kila Y yake ni ileile. Mkono hauandiki hivyo. Mwenye Picha, kuza NYANYA mpaka asilimia 200 uangalie zile Y mbili: utakuta moja ina mkia mrefu kuliko mwenzake, au chaki imekatika katikati ilipopita kwenye kwaruzo la ubao.

Sasa basi, hilo neno unalolifuta ndilo hazina yako ya kwanza. Kabla hujagusa chochote, nakili NYANYA kwenye tabaka lake. Imekupa Y mbili na A mbili, na kwa vile neno lenyewe linaondoka, hakuna atakayeona herufi imejirudia. Ukichukua Y na A za "YA" iliyo pembeni, jicho litazikamata mara moja, zimekaa jirani kama mapacha. U huna budi kuikopa kwenye SUPU. Chukua ile ya kwanza, iliyo mbali zaidi, izungushe digrii moja au mbili, refusha mguu mmoja, kisha futa chembe chache za chaki na uongeze nyingine mahali tofauti.

O itatoka MOTO. Hapo angalia unene wa mstari. Kama picha imepigwa kwa chini, MOTO iko karibu na kamera na herufi zake ni kubwa zaidi. Ukiipunguza O, mstari wake unakonda pamoja nayo na chembe zinasongamana. Pima kwa pikseli unene wa O ukishaipunguza, linganisha na wa P ya SUPU. Zikilingana, endelea.

Mama wa Kaunta: Mnazunguka sana wanangu. Futa hilo neno kwa kitambaa chenye maji, uache ubao ukauke kabisa, ndipo uandike. Mimi niliwahi kuandika ukiwa bado na unyevu, chaki ikateleza bila kushika, na ulipokauka maandishi yakatokea mazito kuliko mistari mingine. Halafu pale nilipofuta palibaki peusi kama dirisha, ubao mwingine wote una ukungu wa vumbi. Kila mteja aliuliza nimebadilisha nini.

Mwenye Picha: Shikamoo mama. Ubao haupo tena, imebaki picha peke yake.

Fundi wa Picha: Mama ameelewa ni ubao, lakini amegusa kosa linaloharibu picha nyingi kuliko herufi zenyewe. Hilo dirisha jeusi hutokea hata kwenye kompyuta. Mtu anapaka rangi ya ubao juu ya neno la zamani, anapata mstatili safi katikati ya ukungu. Tumia `Clone Stamp` yenye kingo laini, na uchote kutoka nafasi iliyo kati ya mstari wa juu na MKATE, karibu kabisa na neno unalofuta, kwa sababu mwanga wa ubao haulingani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukichota mbali utaleta kipande chenye mwanga mwingine. Ule ukungu uache.

UYOGA ina herufi tano na NYANYA sita, kwa hiyo kulia patabaki pengo. Usiivute UYOGA ijaze. Achanisha herufi kidogo tu, au liache pengo mwishoni mwa mstari.

Imebaki G. Chukua O ya pili ya MOTO, ikate upande wa kulia juu, kisha bandika kijiti cha ndani kutoka kwenye kile cha katikati cha E ya MKATE.

Mwandika Mabao: Hapo kwenye G nakukatalia, fundi. Mimi kazi yangu ni kuandika mabao. O naianzia juu katikati na ninaifungia hapohapo, ndipo chaki inapokuwa nzito. G naianzia kulia, na chaki ikigusa ubao mara ya kwanza inaacha kidoa cha vumbi. Ukikata O utapata G ambayo mwanzo wake umekatwa kama kwa mkasi na uzito wake uko mahali pasipo sababu. Achukue chaki ya kweli, aandike G kumi au ishirini kwenye ubao mweusi, azipige picha kwa pembe ileile na mwanga kutoka upande uleule. Achague moja. Kwenye `Levels` aukaze weusi mpaka ubao wake uwe mweusi kabisa, la sivyo `Screen` itabeba kisanduku cha kijivu kuizunguka herufi.

Na swali la pili naona mmelikwepa. Kuna mtu aliwahi kuchukua picha ya ubao wangu akaingiza neno kwa herufi zangu, na akalikosea tahajia. Sahihi yangu ilikuwa pale kwenye kona. Watu walinitania mimi. Kazi ya siku mbili, kosa si langu, na sina pa kujitetea. Kwa hiyo nasema: muulize mwandishi. Akikataa au hapatikani, ondoa sahihi yake.

Kijana wa Fonti: Dada, kuondoa sahihi si ndiyo wizi wenyewe?

Mwandika Mabao: Nimelifikiria sana, na bado naona bora nisitajwe kuliko kutajwa kwa neno nisiloliandika.

Fundi wa Picha: Mimi nina shaka na hilo. Kwa picha ya habari hakuna mjadala, kanuni za shirika la habari la AP zinakataza kuongeza au kuondoa kitu chochote kwenye picha. Hii ni ya kuonyesha kinachouzwa, na kama uyogo... samahani, uyoga, ndio unaouzwa kweli, picha ya zamani ndiyo inayodanganya. Ila kumfuta mtu jina, sijui. Kuhusu G nimekubali, umenishinda.

Mwenye Picha: Nimeandika G kumi na nne, ya tisa imekaa. Ilikuwa kali kuliko jirani zake, nikaipa `Gaussian Blur` ya 0.6 na `Noise` kidogo, sasa haitofautiani na A. Nimeigeuza picha kushoto kulia, jicho linakwama kwenye U tu: bado inafanana mno na ya SUPU. Nitaiandika nayo kwa chaki. Mwandishi wa ubao nimempata, nimemtumia picha, hajajibu.